Barua ya wazi kwa mnaokaa mstari wa mbele: ulimi wa nguruwe na kifafa cha fundi cherehani

Waheshimiwa wasimamizi wa afya na wa mifugo wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na ndugu zangu wa kamati ya Siku ya Afya chuoni,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Kamati ilinipigia simu ikaniomba hotuba ya dakika kumi na tano juu ya magonjwa ya minyoo yaliyosahaulika. Nikakubali. Siku mbili baadaye simu ikaita tena. Kijana wa watu akaniuliza kwa adabu kama nisingependelea kuzungumzia kisukari, maana minyoo haina mvuto, na siku hiyo kutakuwa na chakula. Nikamwambia hapana, na kwamba chakula ndicho hasa ninachotaka kukizungumzia.

Hotuba nitaitoa. Ila nimehudhuria shughuli nyingi za mahema na najua ratiba yake: mgeni rasmi anakata utepe, anapita mabanda matatu, anapigwa picha akipimwa presha, gari linaondoka. Sisi wazungumzaji tunabaki na wanafunzi na viti vitupu vya mbele. Kwa hiyo ya kwenu nayatanguliza kwa maandishi.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia Mbozi, tangu enzi ikiwa bado Mbeya, kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016. Nilikuwa pia mkaguzi wa nyama. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Humo mna kichocho, matende, usubi na mengine mnayoyajua, kwa kuwa kila mwaka dawa zake hugawiwa. Mwaka 2010 aliingizwa humo pia tegu wa nguruwe, na huyo tu ndiye nitakayemsema. Wengine wana watu wa kuwasemea.

Nianze na ulimi. Ukitaka kujua kama nguruwe aliye hai ana tegu, watu wawili wanamlaza chini, wa tatu anamtia kijiti mdomoni ili asing'ate, nawe unaushika ulimi kwa kitambaa, maana unateleza kama samaki, unauvuta nje na kuupapasa upande wa chini. Unachotafuta ni vinundu. Kwa macho kila kimoja ni kama punje ya mchele uliopikwa, kina maji ndani na kidoti cheupe, na kidoti hicho ndicho kichwa cha tegu mtoto. Wafugaji wetu wanakijua kipimo hiki. Wanunuzi wanakijua zaidi: wengi niliowaona mnadani walikuwa wanavuta ulimi kwanza, bei ikafuata.

Kasoro yake ni kwamba vidole vinamgundua nguruwe aliyejaa tu. Mwenye vinundu vichache mwilini anaweza kuwa na ulimi safi kabisa. Watafiti waliopima nguruwe wa Mbozi na Mbeya vijijini, matokeo yao yakatoka mwaka 2013, kwa kupapasa ulimi walimkamata takriban mmoja kati ya kumi. Kipimo cha damu kwa nguruwe walewale kilionyesha dalili kwa karibu theluthi moja. Kipimo hicho nacho huchanganya, kwa kuwa kinaweza kushika tegu wa aina nyingine anayetoka kwa mbwa, kwa hiyo sisemi theluthi nzima ni huyu wetu. Lakini pengo ni kubwa, na nguruwe walio ndani ya pengo hilo huishia kwenye kikaango.

Ukaguzi baada ya kuchinja ni afadhali. Unachana misuli ya mashavu, unakagua ulimi, unapasua moyo, unatazama kiwambo na mkono wa mbele. Unachana mara chache, maana mwenye nyama anakutazama na hataki nyama yake igeuke matambara. Nimepitisha nyama kwa muhuri nikiamini ni safi, halafu jioni mchoma nyama akaniita kimyakimya anionyeshe alichokikuta kwenye paja.

Sasa niwaambie yanayotokea nyama ikikutwa na tegu. Sheria inataka iharibiwe. Mfugaji hapewi hata senti. Nguruwe huyo alikuwa ada ya shule, au mbolea ya msimu ujao. Kwa hiyo ulimi ukionyesha vinundu, mwenye mali hamleti machinjioni. Anamuuza kwa bei ya kutupa, usiku, kwa mtu anayechinjia nyuma ya nyumba. Yaani kipimo kinafanya kazi yake sawasawa, na kazi hiyo inawafukuza nguruwe wabaya wasifike kwa mkaguzi. Nilikagua wasafi kwa miaka mingi nikidhani tunashinda.

Hapo mtasema dawa ni kuipika nyama iive. Ni kweli. Nyama ikiiva hadi ndani, isibaki wekundu wala maji ya damu, vinundu vyote vimekufa. Kitimoto cha kukaanga vipande vidogo, kilichochemshwa kwanza, hakinitishi. Kinachonitisha ni pande nene la kuchoma saa tatu usiku, mteja anapiga meza, makaa yamepamba moto, nje pameungua na ndani panavuja.

Hata hivyo nyama mbichi peke yake haileti kifafa, na hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wasomi, wanapopotea. Anayekula kinundu hai anapata tegu mkubwa tumboni. Huyo ni mnyoo bapa mwenye urefu wa mita mbili, tatu, hata zaidi, aliyejishikiza kwenye utumbo mwembamba. Mwenye naye pengine hasikii lolote zaidi ya tumbo kujaa. Siku moja moja anaona kwenye choo kitu kama kipande cha tambi bapa. Ni pingili iliyokatika, na ndani yake mna mayai kama elfu hamsini.

Mayai hayo yana njia mbili. Ya kwanza ni nguruwe aliyefunguliwa. Huku kwetu nguruwe anafungwa kamba mahindi yakiwa shambani, na mahindi yakivunwa anaachiwa. Anazurura, anakula alichokikuta, na pasipo choo, au choo kikiwa hakina mlango, anachokikuta ni kinyesi. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, viluwiluwi vyake vinapenya utumbo, damu inavisambaza mwilini, na baada ya miezi miwili au mitatu misuli ina vinundu. Mzunguko umetimia.

Njia ya pili haimhitaji nguruwe kabisa. Mwenye tegu anatoka chooni, hana maji wala sabuni, anakanda unga. Mayai yanaingia kinywani mwa mtu mwingine, au mwake mwenyewe. Kwa mtu mayai hufanya yaleyale yanayofanya kwa nguruwe: yanakuwa vinundu kwenye misuli, chini ya ngozi, ndani ya jicho, na mabaya zaidi, ndani ya ubongo. Kwa lugha chungu, mtu amekalia kiti cha nguruwe.

Nilijifunza hivyo darasani zamani, lakini sikuelewa mpaka jirani yangu alipoanguka.

Alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo mmoja kando ya barabara ya Tunduma, umri miaka 27, wa familia ya Kiislamu. Asubuhi moja mguu wake ulikuwa kwenye pedeli, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka peke yake juu ya kitambaa, halafu akaanguka. Sindano ya mashine ilikuwa imepita kwenye kidole. Waliokuwepo walirudi nyuma, maana huku bado wapo wanaoamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa nawe unakipata. Aliumia zaidi kwa kuachwa pale chini kuliko kwa kuanguka.

Mara ya kwanza alitibiwa malaria. Mara ya pili akaombewa. Mara ya tatu akatajwa shangazi mmoja na wivu wake. Hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kuwa na kifafa, naye hakuwa mtoto wala hakuwahi kuumia kichwa. Kifafa kinachoanza ukubwani namna hiyo, mahali panapofugwa nguruwe, kilipaswa kumfanya mtu yeyote mwenye koti jeupe asimame na kufikiri. Ilichukua mwaka na zaidi kabla mganga mmoja kijana hajamwandikia picha ya CT scan ya kichwa. Familia iliuza shamba la kahawa nusu eka.

Picha ilionyesha vitu vitatu. Viwili vilikuwa vidoti vyeupe vigumu, chokaa tupu: vinundu vilivyokufa zamani na kuacha kovu. Cha tatu kilikuwa duara lenye uvimbe pembeni, yaani kinundu kilichokuwa kinakufa wakati huohuo. Hili nalo linahitaji kuelezwa polepole. Kinundu hai kinaweza kukaa ubongoni miaka kimya, kimejificha, kinga ya mwili haikioni. Kinapoanza kufa ndipo mwili unakigundua na kukishambulia, nyama ya ubongo jirani inavimba, na mtu anaanguka. Kwa hiyo aliyeanguka leo huenda alimeza yai miaka mitano iliyopita.

Mganga alimuuliza mama mtu kama kijana anakula nguruwe. Mama alitoka pale amefura, akaja moja kwa moja kwangu. "Bwana Mifugo, wewe ndiye mtu wa hao wanyama. Mwanangu tangu azaliwe hajala haramu. Huyu daktari anatutafutia nini?"

Nilimwambia daktari ameuliza swali lisilo lake. Swali lilikuwa nani anampikia. Nikamsimulia habari ya New York mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako vinundu vya tegu wa nguruwe vilikutwa kwenye bongo za Wayahudi wa dini kali, watu wasiogusa nyama hiyo kabisa. Waliochunguza waliwapima watumishi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini, na mmoja wao akakutwa na tegu. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Chapati."

Kijana alikuwa anakunywa chai na chapati kila asubuhi kwenye kibanda nyuma ya duka lake. Nilikwenda nikiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, tukazungumza na wanawake wawili wa pale, faraghani, bila kutaja jina la mtu. Mdogo kati yao alisema ndiyo, huona "tambi", tangu mwaka juzi, akadhani ni minyoo ya kawaida. Alikuwa amekwisha kunywa albendazoli kidonge kimoja dukani, mara mbili. Kidonge kimoja hakimtoshi tegu; kinatakiwa kwa siku tatu mfululizo. Dawa nzuri kwake ni niklosamaidi, vidonge vinne vya miligramu 500, anavitafuna vyote kwa mara moja. Haiingii kwenye damu, inafanya kazi utumboni tu, kwa hiyo haichokozi kitu kichwani. Zahanati haikuwa nayo. Tuliitafuta siku tisa.

Siwezi kuapa kwamba dada huyo ndiye aliyempa fundi vinundu vyake. Vile vyenye chokaa pengine ni vya zamani kuliko tegu wake. Ninachojua ni kwamba kibanda kile kilikuwa kinalisha watu kila siku, kwamba choo chake kilikuwa gunia limetundikwa na hakuna ndoo ya maji, na kwamba hakuna ofisi hata moja ambayo kazi yake ilikuwa kwenda kuuliza. Nilikwenda kwa sababu mimi ni jirani.

Ndiyo maana nawaandikieni nyote pamoja. Nilipokuwa kazini daftari langu la ukaguzi lilikuwa na jina la kila kitongoji kilicholeta nguruwe mwenye tegu. Nguruwe mwenye vinundu ni ushahidi: karibu na alikofugwa kuna, au kulikuwa na, mtu mwenye tegu tumboni, maana mayai hayana asili nyingine. Daftari hilo lilisomwa na mkuu wangu wa mifugo, likafungwa. Upande wa pili wa barabara, zahanati ilikuwa na daftari la wagonjwa wa kifafa, na vitongoji vilevile vinajirudia humo. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona madaftari hayo mawili juu ya meza moja. Mifugo inamtazama nguruwe, afya inamtazama aliyeanguka, na mwenye tegu aliye katikati, ambaye haumwi, hana wa kumtazama.

Na maabara haitamfichua. Darubini hukosa wengi, kwa kuwa mayai hayatoki kila siku. Yakionekana, mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe yanafanana kabisa, kwa hiyo mtaalamu anaandika "tegu" na kuishia hapo. Njia rahisi iliyopo ni kumwonyesha mtu picha ya pingili na kumuuliza kwa upole kama amewahi kuiona.

Ninachoomba ni hiki. Kila robo mwaka, afisa mifugo wa kata na mganga wa zahanati wakae na madaftari yao, wachague vitongoji vinavyotokea kote kuwili, na mhudumu wa afya aende nyumba kwa nyumba na picha ile na niklosamaidi mfukoni. Itamkosa aliyehama, nakiri. Itamkuta anayeendelea kusambaza leo, na ndiye anayetuhusu. Kwa huohuo mwendo, nguruwe wa hapo wapewe oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mdomo. Inaua vinundu vya kwenye misuli. Lakini mfugaji aambiwe mapema kwamba nyama yake haiwezi kuliwa kwa wiki kadhaa, na kwamba makovu meupe hukawia mpaka miezi mitatu kwisha. Akichinja kabla, mnunuzi atamkatalia na kijiji kizima kitasema dawa ya Bwana Mifugo ni uongo. Yalinikuta hayo.

Fidia nayo iwepo, hata nusu ya bei, kwa nguruwe anayeletwa machinjioni na kukutwa mgonjwa. Najua mtauliza fedha. Nami nauliza shamba lile la kahawa nusu eka lilikuwa fedha za nani.

Kuna jambo ambalo nawaomba msilifanye kwa pupa. Wapo wanaosema tugawe prazikwanteli kwa kila mtu, basi. Shule za Mbozi na Mbeya zimekwisha kugawa dawa hiyo kwa ajili ya kichocho, na watafiti waliona tegu akipungua vilevile. Ila kwa kichocho kipimo ni miligramu 40 kwa kilo, na kwa tegu ni 10 tu. Dawa hii huingia kwenye damu na kufika ubongoni. Mwenye vinundu hai asivyovijua anaweza kuvichokoza vyote siku moja, akapata kichwa kikali na kifafa ndani ya siku chache. Ndiyo maana fundi wetu alipotibiwa kile kinundu cha tatu, alipewa kwanza dawa ya kutuliza uvimbe, akalazwa na kuangaliwa. Vile vya chokaa havikupewa dawa ya minyoo, kwa kuwa huwezi kuua kilichokwisha kufa. Mkigawa, gaweni kwa mizani, mkiwaeleza watu dalili, na pawepo wa kupigiwa simu.

Fundi yuko hai, anashona. Anakunywa fenobabitoni kila usiku. Mwaka jana iliisha zahanati kwa wiki sita, akaanguka mara mbili, na sasa mama yake huficha akiba ya vidonge ndani ya kopo la sukari. Dada wa chapati ameolewa Vwawa. Alinipigia Idi iliyopita kusema "tambi" hazijarudi.

Siku ya Afya nitakuwa banda la mwisho upande wa kushoto, kwa sababu kamati imeogopa harufu ya fomalini. Mezani nitakuwa na chupa yenye ulimi wa nguruwe, ule uliojaa, niliouhifadhi mwenyewe. Kando yake nitaweka daftari langu la zamani la ukaguzi. Nimemwomba mganga wa zahanati yetu aje na la kwake la kifafa, amekubali, ila anahitaji ruhusa yenu kwa maandishi ili alitoe ofisini, nanyi mnaweza kuisaini leo. Pitieni kwanza kwangu, kabla ya utepe.

Wenu katika kazi,
Bwana mifugo mstaafu, Mbozi